Herufi moja katika jeni ya hemoglobini: jinsi ujumbe unavyonakiliwa na protini inavyojengwa

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeanza kusoma biolojia na nimekwama kwenye protini. Nimekariri kwamba DNA hunakiliwa kuwa RNA na RNA hutafsiriwa kuwa protini, lakini sielewi ndani ya seli ni nani hasa anayesoma hizo herufi. Na kama maelekezo yote yako kwenye DNA, huo ujumbe wa katikati ni wa nini? Tena wanasema herufi moja ikibadilika mtu anaugua. Herufi moja tu, inawezekanaje?

Jibu: Marahaba. Hakuna anayesoma. Ukilishika hilo tangu mwanzo, mengi yatakuwa mepesi. Ndani ya seli hakuna kitu kinachojua maana ya herufi yoyote. Kuna molekuli tu, nazo hugongana mamilioni ya mara, na zile ambazo maumbo na chaji zao vinaoana hushikana kwa muda wa kutosha kazi ifanyike. Zisizooana huachana. Tunaposema "kusoma" tunafupisha maneno.

Badala ya kuzungumzia jeni kwa jumla, tuchukue moja tuifuate hadi mwisho. Nimechagua jeni ya globini beta, ambayo wataalamu huiandika HBB. Iko kwenye kromosomu ya 11, na kwa kuwa una kromosomu mbili za namna hiyo, moja ya baba na moja ya mama, kila seli yako yenye kiini ina nakala mbili za jeni hii. Protini yake ni sehemu ya hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye chembe nyekundu za damu. Nimeichagua kwa sababu ni fupi, imechunguzwa kuliko karibu jeni nyingine zote za binadamu, na swali lako la herufi moja linajibiwa humo humo.

DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana. Kila uzi ni mfululizo wa vipande vya namna nne, ambavyo tunaviandika A, T, G na C kwa kufupisha majina yao: adenini, thimini, guanini na sitosini. A ya uzi mmoja hushikana na T ya uzi wa pili, na G hushikana na C. Sababu ni ya kimaumbo: A na T zinapokaa uso kwa uso hidrojeni zao hupangika sawasawa na kushikana mahali pawili, G na C mahali patatu, na jozi nyingine yoyote haikai vizuri. Kwa hiyo ukipewa uzi mmoja unaweza kuandika wa pili bila kuuona. Uwezo huo wa uzi mmoja kuamua mwenzake ndio unaofanya kunakili kuwezekane.

Huu hapa ni mwanzo wa sehemu ya HBB inayohusu protini, pamoja na uzi mwenzake na ujumbe unaotokana nao. Nimetenga herufi tatu tatu ili ufuate kwa urahisi, lakini ndani ya seli hakuna nafasi wala alama yoyote ya kutenganisha.

```
uzi wa jeni:  ATG GTG CAC CTG ACT CCT GAG GAG AAG
uzi kiolezo:  TAC CAC GTG GAC TGA GGA CTC CTC TTC
ujumbe:       AUG GUG CAC CUG ACU CCU GAG GAG AAG
```

Kazi ya kunakili hufanywa na kimeng'enya kikubwa kiitwacho RNA polimerasi. Hakianzi popote kinapotaka. Kabla ya jeni kuna eneo la kuanzishia, na juu ya eneo hilo lazima kwanza zikae protini nyingine zinazokivuta na kukiweka sawa. Kwa jeni ya globini, baadhi ya protini hizo, kama GATA1 na KLF1, hupatikana kwa wingi katika seli za uboho zinazokua kuwa chembe nyekundu. Seli za ngozi yako zinayo jeni ya HBB, nzima kabisa, ila hazina mchanganyiko huo wa protini wala eneo lenyewe halijafunguka, kwa hiyo jeni imezimwa. Watu wengi wanaoanza somo hili hudhani seli ya ngozi na seli ya damu zina jeni tofauti. Jeni ni zile zile. Kilicho tofauti ni zipi zinanakiliwa.

Polimerasi ikishakaa, hufungua nyuzi mbili kwa umbali mfupi, kiasi cha herufi kumi na kitu, na kuacha uzi kiolezo wazi. Kuzunguka hapo zinaelea nyukleotidi za RNA, yaani herufi zisizofungwa. Zinaingia na kutoka ovyo. Mbele ya C ya kiolezo, A inaingia na kutoka, U inaingia na kutoka, kisha G inaingia na kukaa barabara, na kimeng'enya kinaiunganisha na mnyororo kabla haijatoka. Ndiyo "kusoma" kwenyewe. Kisha kinasogea herufi moja. Tofauti ya kuzingatia ni kwamba RNA haitumii thimini, hutumia urasili, ndiyo maana mbele ya A ya kiolezo inakaa U badala ya T. Linganisha mstari wa kwanza na wa tatu hapo juu: ni kitu kimoja, T zimekuwa U. Kinachonakiliwa kwa kulinganishwa ni uzi kiolezo, na matokeo yake yanafanana na uzi wa pili. Hili huwachanganya wanafunzi mno kwenye mitihani, basi liangalie mara mbili.

Mwendo wa polimerasi ni kama herufi 20 hadi 60 kwa sekunde. HBB ina herufi zipatazo 1,600 tangu inapoanza kunakiliwa hadi mwisho wa ujumbe wake, kwa hiyo nakala moja hukamilika ndani ya dakika moja hivi. Na wala polimerasi ya pili haisubiri ya kwanza imalize. Jeni inayofanya kazi kwa nguvu huwa na kadhaa zinazofuatana.

Sasa, ujumbe huu wa kwanza bado haufai. Kati ya zile herufi 1,600 kuna vipande viwili ambavyo havihusiki na protini, kimoja cha herufi 130 na kingine cha 850. Huitwa introni. Vipande vitatu vinavyobaki huitwa eksoni, na jumla yake ni herufi 626 tu. Yaani zaidi ya nusu ya kilichonakiliwa hukatwa na kutupwa. Ndani ya kiini kuna mtambo wa RNA na protini unaotambua mipaka ya introni, ambayo karibu kila mara huanza na GU na kuishia na AG, pamoja na alama nyingine za jirani. Unakunja introni kama kitanzi, unaikata, na kuunga eksoni mbili pamoja. Wakati huo huo mwanzo wa ujumbe huwekewa kofia, ambayo ni guanini iliyobadilishwa kidogo na kuunganishwa kinyume, na mwishoni hufungwa mkia mrefu wa A tupu, mara nyingi zipatazo 200. Kofia na mkia huulinda ujumbe usiliwe na vimeng'enya, na baadaye kofia husaidia ribosomu, yaani mashine inayojenga protini, kujua pa kushika.

Ukataji huu hauna nafasi ya kukosea hata herufi moja. Katika HBB introni ya kwanza imeingia katikati ya kundi la herufi tatu: AG iko mwisho wa eksoni ya kwanza, na G yake imebaki mwanzo wa eksoni ya pili. Zikiungwa vizuri unapata AGG. Kumbuka mahali hapa, tutaparudia.

Ujumbe uliokamilika unatoka nje ya kiini kupitia matundu yaliyo kwenye utando wake, na kuingia kwenye saitoplazimu. Kuanzia hapa unaitwa mRNA. Hapa ndipo ninapoweza kujibu swali lako la ujumbe ni wa nini, na jibu liko kwenye hesabu.

Chembe nyekundu moja ina molekuli za hemoglobini kama milioni 270. Kila molekuli ina minyororo miwili ya globini alfa na miwili ya beta. Kwa hiyo minyororo ya beta ni kama milioni 540, na yote imetokana na nakala mbili tu za jeni. Mnyororo huundwa kwa vipande viitwavyo amino asidi, na kujenga mmoja kwa kasi ya amino asidi tano kwa sekunde huchukua nusu dakika hivi. Tuseme protini ingejengwa moja kwa moja juu ya DNA, mmoja mmoja kwa kila nakala. Milioni 270 mara sekunde 30 ni sekunde bilioni nane na ushei, yaani zaidi ya miaka 250. Hata ukipandisha mashine tano kwa pamoja juu ya kila jeni, bado ni miaka 50. Seli ya uboho ina siku chache tu za kufanya kazi hiyo. Ujumbe unaivunja hesabu hii: jeni mbili zinatoa maelfu kwa maelfu ya mRNA, na kila mRNA inatumika tena na tena, ikiwa na ribosomu kadhaa juu yake kwa wakati mmoja.

Tena chembe nyekundu yenyewe inathibitisha kwamba ujumbe unajitosheleza. Inapokaribia kukomaa hutoa kiini chake nje, na DNA yote inaondoka nacho. Lakini kwa siku moja au mbili baada ya kuingia kwenye damu, chembe hiyo changa inaendelea kutengeneza hemoglobini kwa kutumia mRNA zilizobaki. Jeni haipo, protini inajengwa. Ndiyo maana chembe changa za damu ya sungura zilipendwa sana na watafiti wa zamani wa somo hili: zina ribosomu na ujumbe, na kazi yao karibu yote ni globini.

Twende sasa kwenye ujenzi. Protini ni mnyororo wa amino asidi, ambazo ziko za namna 20. Herufi za RNA ni nne. Herufi moja moja zingetosha amino asidi nne tu, mbili mbili zingetoa makundi 16, bado hayatoshi. Tatu tatu zinatoa makundi 64. Kila kundi la herufi tatu linaitwa kodoni. Kodoni 61 zinasimamia amino asidi, na tatu, yaani UAA, UAG na UGA, ni za kusimamisha. Kwa kuwa 61 ni nyingi kuliko 20, amino asidi nyingi zina kodoni zaidi ya moja. GAG na GAA, kwa mfano, zote ni asidi glutamiki. Kodoni ya kwanza kutambuliwa ilikuwa UUU. Mwaka 1961 Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei waliweka RNA yenye U tupu kwenye mchanganyiko wa seli za bakteria zilizopasuliwa, wakapata mnyororo wa amino asidi ya namna moja tu, fenilalanini.

Lakini angalia: GAG haifanani na asidi glutamiki hata kidogo. Herufi na amino asidi hazishikani zenyewe. Kwa hiyo lazima pawe na kiungo, na kiungo hicho ni RNA nyingine ndogo, tRNA, yenye herufi kama 76 iliyojikunja yenyewe. Ncha yake moja ina herufi tatu zilizo wazi, na ncha nyingine hubeba amino asidi. Ile yenye CUC kwenye ncha yake hushikana na kodoni GAG kwa kanuni ile ile ya C na G, A na U.

Ni nani basi anayehakikisha kwamba tRNA yenye CUC imebeba asidi glutamiki na si kitu kingine? Hapa ndipo, kwa maoni yangu, kiini cha somo lote kilipo, na vitabu vingi vya wanaoanza hupapita haraka. Kuna vimeng'enya maalumu vya kupakia. Kila kimoja kina mfuko ambao amino asidi yake huingia na kukaa, na sehemu nyingine inayoshika tRNA zake. Kinaziunganisha hizo mbili kwa kutumia nishati ya ATP, na vingine hukagua tena na kukata vilichokosea kuunganisha. Hii ndiyo sehemu pekee ndani ya seli ambapo herufi tatu na amino asidi hukutanishwa. Kama kuna kamusi ndani ya seli, ni hivi vimeng'enya.

Jaribio la mwaka 1962 la François Chapeville na wenzake lilionyesha jambo hili waziwazi. Walichukua tRNA ambayo tayari imepakiwa sisteini, kisha kwa kemikali wakaigeuza ile sisteini kuwa alanini ikiwa bado imeshikiliwa na tRNA ile ile. Wakaiweka kwenye mchanganyiko wa kujenga protini. Alanini ikawekwa mahali pa sisteini, bila kizuizi. Ribosomu haikuigundua, kwa sababu ribosomu haiangalii amino asidi. Inaangalia kama herufi tatu zimeshikana na herufi tatu, basi.

Ribosomu ina vipande viwili, kidogo na kikubwa. Kile kidogo hushika ujumbe karibu na kofia na kuteleza juu yake hadi kikutane na AUG ya kwanza inayofaa. Katika mRNA ya globini beta kinapita herufi 50 kabla ya kuifikia. AUG ni kodoni ya methionini, na ndiyo inayoamua mgawanyo wote wa tatu tatu unaofuata, kwa maana kuanzia hapo ribosomu husogea herufi tatu kila hatua bila kuruka wala kurudi. Kipande kikubwa hukaa juu, na kazi huanza.

Tuangalie hatua moja kwa karibu. Ribosomu ina nafasi tatu zilizopangana. Ya katikati imeshikilia tRNA yenye mnyororo uliojengwa hadi sasa, tuseme umefika prolini. Nafasi ya kupokelea iko wazi, na chini yake ipo kodoni GAG. tRNA za kila namna zinaingia, zinapima na kutoka. Ile ya CUC inaingia, jozi tatu zinakaa sawa, ribosomu inabana kidogo, na protini iliyoisindikiza tRNA inatumia GTP, molekuli ya nishati kama ATP, na kuiachia. Papo hapo mnyororo mzima unahamishwa kutoka kwa tRNA ya katikati na kuungwa na asidi glutamiki iliyoingia. Muungano huo unafanywa na RNA ya ribosomu yenyewe, jambo lililoonekana wazi muundo wake ulipochorwa mwaka 2000. Kisha ribosomu inasogea herufi tatu kwa GTP nyingine, tRNA tupu inasukumwa nafasi ya tatu na kutoka, na nafasi ya kupokelea iko wazi tena. Yote hayo huchukua sehemu ya tano ya sekunde. Mara 147 hivi, hadi ribosomu ikute UAA. Hakuna tRNA ya UAA. Badala yake huingia protini yenye umbo la kutoshea pale, nayo hukata mnyororo na kuuachilia.

Methionini ya mwanzo huondolewa, zinabaki amino asidi 146. Mnyororo hujikunja, hupokea kipande chenye madini ya chuma kiitwacho himi, na kuungana na wenzake kuwa hemoglobini.

Sasa herufi moja. Rudi kwenye mistari mitatu ya juu, kodoni ya saba, GAG. Katika watu wenye jeni ya selimundu, A ya katikati ni T:

```
kawaida:    ACT CCT GAG GAG AAG
selimundu:  ACT CCT GTG GAG AAG
```

Fuata hatua kwa hatua. Kiolezo kina CAC badala ya CTC, polimerasi inaweka GUG, ukataji unaenda sawa, ribosomu inafika, na tRNA inayokaa juu ya GUG ni ile ya valini. Kila mashine imefanya kazi yake sawasawa kabisa. Mnyororo una urefu ule ule wa 146, umetofautiana mahali pamoja. (Utaona vitabu vingine vikisema nafasi ya sita, vingine ya saba. Vya kwanza havihesabu methionini iliyoondolewa.)

Asidi glutamiki ina chaji hasi na hukaa juu ya uso wa hemoglobini ikigusana na maji bila shida. Valini haina chaji na huyakwepa maji kama mafuta. Hemoglobini ikishaachia oksijeni yake, hufunguka mfuko mdogo kwenye molekuli jirani, na valini ile inajibana humo. Molekuli moja inaishika nyingine, hiyo inaishika ya tatu, hadi zinakuwa nyuzi ndefu ngumu zinazoisukuma chembe nzima iwe na umbo la mundu. Chembe hiyo hukwama kwenye mishipa midogo na kuvunjika mapema. Mwenye jeni hiyo kwa baba na kwa mama anaugua. Mwenye nakala moja tu ana hemoglobini za aina zote mbili, na kwa kawaida haumwi.

Tofauti hiyo inaonekana maabara. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake waliipitisha hemoglobini kwenye umeme, wakaona ya selimundu inatembea tofauti, kwa sababu imepoteza chaji hasi mbili, moja kwa kila mnyororo wa beta. Miaka michache baadaye Vernon Ingram akaonyesha kwamba ni amino asidi moja iliyobadilika. Kwenye DNA yenyewe kuna kimeng'enya cha bakteria kiitwacho MstII ambacho hukata palipo na CCTNAGG, N ikiwa herufi yoyote. Angalia mstari wa kawaida: CCT GAG G, kinakata. Kwenye selimundu ni CCT GTG G, hakikati. Ukipima urefu wa vipande unajua herufi iliyopo.

Isije ukafikiri kila herufi ina uzito huo. Kama GAG ingegeuka GAA, ingebaki asidi glutamiki, na hakuna kitu kingeonekana. Wala usichanganye mabadiliko ya jeni na makosa ya mashine. Ribosomu hukosea kuweka amino asidi karibu mara moja katika kila elfu kadhaa. Kosa hilo linabaki kwenye mnyororo mmoja, nao unapotea kati ya mamilioni ya mizima. Kosa la kwenye jeni linaingia katika kila ujumbe na kila protini, na linarithiwa.

Nilikuomba ukumbuke mahali introni ya kwanza ilipoingia, kati ya AG na G. Kuna herufi ya 110 ndani ya introni hiyo, G, ambayo kwa baadhi ya watu, hasa wa Saiprasi na nchi nyingine za Mediterania, ni A. Iko ndani ya kipande cha kutupwa, haihusiki na amino asidi yoyote. Lakini A hiyo inatengeneza AG mpya inayofanana na mwisho wa introni. Mara nyingi mtambo wa kukata unaishia hapo, herufi 19 kabla ya mpaka wa kweli, na herufi hizo 19 zinabaki ndani ya ujumbe. Ujumbe unasomeka hivi baada ya kuungwa:

```
sahihi:  GGC AGG CUG CUG GUG
mbaya:   GGC AGU CUA UUU UCC CAC CCU UAG
```

Kumi na tisa haigawanyiki kwa tatu, basi mgawanyo wote umehama, na kodoni ya nane hapo ni UAG. Ribosomu inasimama. Mnyororo una amino asidi 35 badala ya 146, na kwa kawaida hata haujengwi sana, kwa kuwa seli huutambua ujumbe wenye kusimama mapema na kuuharibu. Matokeo ni upungufu wa globini beta, ugonjwa uitwao thalasemia ya beta. Selimundu ni protini iliyobadilika tabia. Hii ni protini isiyojengwa ya kutosha. Jeni ni moja, herufi moja moja, magonjwa mawili tofauti.

Mwisho, jipime. Hizi ni kodoni za 35 hadi 40 za jeni hiyo hiyo, bila kuhesabu methionini: TAC CCT TGG ACC CAG AGG. Andika kiolezo chake, andika ujumbe, kisha geuza C ya kodoni ya 39 kuwa T uandike tena. Utapata UAG, na mnyororo wa amino asidi 38. Ni thalasemia ya beta tena, na badiliko hili ndilo lililoenea zaidi kwa wagonjwa wa kisiwa cha Sardinia.